Mstatili wenye jumla kubwa kuliko yote: jedwali la pembe nne au kubana mistari?

Swali lenyewe ni fupi kulieleza. Umepewa matriksi, yaani namba zilizopangwa kwa mistari inayolala na safu zinazosimama, baadhi zikiwa chanya na baadhi hasi, nawe unatakiwa kuutafuta mstatili ndani yake ambao jumla ya namba zake ni kubwa kuliko ya mstatili mwingine wowote. Mstatili huo unaweza kuwa kisanduku kimoja tu, na unaweza kuwa matriksi nzima. Namba hasi ndizo zinazolifanya liwe swali la kweli, kwa sababu namba zote zikiwa chanya hakuna cha kutafuta: matriksi nzima ndiyo jibu. Kwa hiyo anayetafuta sehemu yenye mwanga mwingi katika picha, kwa mfano, huanza kwa kutoa wastani wa mwanga kutoka katika kila kisanduku, ili sehemu zenye giza zipate thamani hasi na mstatili uwe na sababu ya kuzikwepa.

Ni katika kazi ya picha ndipo swali hili lilipozaliwa. Jon Bentley alisimulia mwaka 1984 kwamba Ulf Grenander wa Chuo Kikuu cha Brown alikutana nalo mwaka 1977 alipokuwa akishughulikia utambuzi wa ruwaza katika picha za kidijitali. Alipoona kwamba umbo la pande mbili linachukua muda mwingi mno, aliligeuza kuwa swali la orodha moja ya namba ili apate kulielewa, na hilo la orodha moja ndilo ambalo mwanatakwimu Jay Kadane alilipatia suluhisho la kupita mara moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Njia ya kubana mistari, ambayo ndiyo naitetea hapa, inarudi kinyumenyume katika safari hiyo: inachukua suluhisho la orodha moja na kulirejesha kwenye matriksi.

Njia ninayotaka kuilinganisha nayo ni ile ya jedwali la jumla limbikizi, ambayo wengi wetu huiita njia ya pembe nne. Nimeichagua hiyo, si ile ya kujumlisha kila mstatili upya kisanduku kwa kisanduku, kwa sababu ile ya pili haifai kushindanishwa na kitu chochote. Katika matriksi ya mistari 500 na safu 500, kujumlisha kila mstatili upya kunahitaji kugusa visanduku takriban trilioni 439. Pembe nne, kwa upande wake, ni njia ya heshima, na kuna siku ambazo ndiyo inayofaa.

Jinsi kila moja inavyofikiri

Njia ya pembe nne hutengeneza kwanza jedwali la pili, ambalo kila kisanduku chake kinabeba jumla ya namba zote zilizo juu yake na kushoto kwake katika matriksi ya asili. Jedwali hilo hupewa mstari mmoja na safu moja ya ziada zenye sufuri, ili hesabu za pembezoni zisihitaji masharti maalumu. Likishakamilika, jumla ya mstatili wowote hupatikana kwa namba nne tu:

```python
P[chini+1][kulia+1] - P[juu][kulia+1] - P[chini+1][kushoto] + P[juu][kushoto]
```

Namba ya mwisho inaongezwa kwa sababu kona ya juu kushoto imetolewa mara mbili, mara moja pamoja na eneo la juu na mara moja pamoja na eneo la kushoto. Baada ya hapo kilichobaki ni vitanzi vinne, yaani juu, chini, kushoto na kulia, vinavyopitia kila mstatili uwezekanao na kuulizia jumla yake.

Njia ya kubana mistari haiulizi mistatili yote. Inachagua mstari wa juu na mstari wa chini, kisha inaibana mistari yote iliyo kati yao iwe mstari mmoja, kwa kujumlisha kila safu kuanzia juu hadi chini. Mtu akiutazama mstari huo uliobanwa, ataona kwamba kila mstatili wenye kingo hizo mbili za juu na chini umegeuka kuwa kipande mfululizo cha mstari huo, wala hakuna mstatili wa kingo hizo uliopotea. Kwa hiyo kuutafuta mstatili bora wa jozi hiyo ya mistari ni sawasawa na kutafuta kipande mfululizo chenye jumla kubwa, na kazi hiyo njia ya Kadane huimaliza kwa kupita mara moja. Vitanzi viwili vya kushoto na kulia vinageuka kuwa kimoja, na hapo ndipo faida yote ilipo.

```python
def mstatili_bora(A):
    R, C = len(A), len(A[0])
    bora, mahali = A[0][0], (0, 0, 0, 0)
    for juu in range(R):
        jumla = [0] * C
        for chini in range(juu, R):
            for c in range(C):
                jumla[c] += A[chini][c]
                if c == 0 or sasa < 0:
                    sasa, mwanzo = jumla[c], c
                else:
                    sasa += jumla[c]
                if sasa > bora:
                    bora = sasa
                    mahali = (juu, mwanzo, chini, c)
    return bora, mahali
```

Angalia kwamba mistari haibanwi upya kila mara. Mstari wa chini unaposhuka hatua moja, namba za mstari huo mpya tu ndizo zinazoongezwa kwenye `jumla`, kwa kuwa yote yaliyo juu yake yameshajumlishwa. Nimekutana na misimbo inayojumlisha safu upya kuanzia juu kila mara. Majibu yake ni sahihi, lakini imerudisha kitanzi kizima ambacho njia hii ilikusudia kukiondoa.

Mfano mmoja hadi mwisho

Tuchukue matriksi ya mistari 4 na safu 5, na tuhesabu mistari na safu kuanzia sifuri kama msimbo unavyofanya.

```
 2  -1  -4   3  -2
-3   4   5  -1   1
 1   2  -3   4  -6
-5   3   1   2  -4
```

Kingo ya juu ikiwa mstari 0 na ya chini ikiwa mstari 0, mstari uliobanwa ni ule ule wa kwanza, na kipande chake bora ni ile 3 peke yake. Kingo ya chini ikishuka hadi mstari 1, tunapata -1, 3, 1, 2, -1, na kipande bora kinatoa 6. Ikishuka hadi mstari 2 tunapata 9, na hadi mstari 3, ambapo matriksi nzima imebanwa kuwa -5, 8, -1, 8, -11, tunapata 15. Mtu anaweza kudhani kwamba kazi imekwisha, kwa kuwa mistari yote imo, lakini mstari wa 0 ulikuwa mzigo kwa mstatili huo.

Kingo ya juu ikihamia mstari 1, mambo yanakuwa mazuri zaidi: 9 kwa mstari huo peke yake, 11 ukiongezwa mstari 2, na kisha mistari 1 hadi 3 inabanwa kuwa -7, 9, 3, 5, -9. Hapa tuipitie njia ya Kadane polepole. Tunaanza na -7. Tunapofika kwenye 9, jumla tuliyobeba ni hasi, na kuibeba kungetupa 2 badala ya 9, hivyo tunaitupa na kuanza upya kwenye safu 1. Tunaongeza 3 tunapata 12, tunaongeza 5 tunapata 17, kisha -9 inatushusha hadi 8. Kilele kilikuwa 17, kilichoanza safu 1 na kuishia safu 3. Jozi zilizobaki, ambazo kingo zake za juu ni mstari 2 na mstari 3, zinatoa 4, 9 na 6, kwa hiyo jibu ni 17. Ukitaka kujiridhisha, rudi kwenye matriksi ya asili: safu 1 hadi 3 za mstari 1 zinatoa 8, za mstari 2 zinatoa 3, na za mstari 3 zinatoa 6.

Kwa kubana, tulipitia jozi 10 za mistari, kila moja kwa hatua 5, yaani hatua 50. Kwa pembe nne tungeuliza jumla ya mistatili 150. Tofauti hiyo ya mara tatu haitoshi kumshawishi mtu, na kwa matriksi ndogo kama hii ningemwambia atumie njia anayoielewa vizuri zaidi. Lakini uwiano huo unakua pamoja na idadi ya safu: ni idadi ya safu ikiongezwa moja, kisha ikagawanywa kwa mbili. Matriksi ya 500 kwa 500 ina mistatili karibu bilioni 15.7, ilhali njia ya kubana inahitaji hatua milioni 62.6 tu. Kwa lugha kama C, hizo za pili huisha chini ya sekunde moja kwenye kompyuta ya kawaida, na hata Python ya kawaida, isiyo na maktaba ya hesabu, inazimaliza kabla mtu hajakata tamaa. Bilioni 15.7 kwa Python ni kazi ya saa nyingi.

Kuhusu kumbukumbu pia njia hizi hazilingani. Jedwali la pembe nne lina ukubwa wa matriksi yenyewe na zaidi kidogo, ilhali kubana kunahitaji orodha moja tu yenye urefu wa idadi ya safu. Ni mara chache tofauti hii huamua chochote, kwa sababu aliyeweza kuiweka matriksi kwenye kumbukumbu kwa kawaida anaweza kuiweka mara mbili.

Upande upi ubanwe

Jambo ambalo nimeona likipuuzwa kuliko yote, na ambalo gharama yake ni kubwa kuliko makosa mengine, ni kuchagua upande wa kubana. Hatua za njia hii ni takriban nusu ya mraba wa idadi ya mistari, mara idadi ya safu. Upande unaobanwa ndio unaolipiwa kwa mraba, kwa hiyo unatakiwa uwe ule mfupi.

Chukua matriksi ya mistari 10,000 na safu 20, umbo la kawaida kabisa pale ambapo kila mstari ni kipimo cha saa fulani na kila safu ni kifaa kimoja cha kupimia. Ukibana mistari, utapitia jozi zaidi ya milioni 50, na kila jozi ina hatua 20, jumla hatua zipatazo bilioni moja. Ukiigeuza matriksi ubavu, safu zikawa mistari, zinabaki jozi 210 tu zenye hatua 10,000 kila moja, yaani hatua milioni 2.1. Ni msimbo ule ule na jibu lile lile, lakini kazi imepungua karibu mara 476. Mstari mmoja wa kugeuza mwanzoni mwa kazi unatosha:

```python
if len(A) > len(A[0]):
    A = [list(s) for s in zip(*A)]
```

Ukifanya hivyo, kumbuka kugeuza pia majibu ya mahali kabla ya kuyarudisha, kwa kuwa kilichokuwa juu sasa ni kushoto. Kugeuza nakala kuna faida nyingine: kitanzi cha ndani kinaendelea kusoma namba zilizopangana kwenye kumbukumbu, ilhali kubana safu moja kwa moja katika matriksi isiyogeuzwa kunailazimisha kompyuta kuruka kutoka mstari mmoja hadi mwingine kwa kila namba. Njia ya pembe nne haijali upande, kwa sababu inapitia mistatili yote vyovyote vile, na matriksi hiyo hiyo ingeigharimu mistatili zaidi ya bilioni 10 hata ikigeuzwa namna gani.

Makosa ya kila njia na namna ya kuyatambua

Kosa la njia ya pembe nne karibu kila mara liko kwenye zile `+1`. Mtu anasahau moja, na jumla inaacha mstari wa mwisho au inajumuisha safu isiyohusika. Uzuri wake ni kwamba kosa hilo hujitokeza mapema, kwani kuulizia jumla ya kisanduku kimoja kimoja na kuilinganisha na matriksi ya asili kunalifichua papo hapo.

Makosa ya kubana hujificha zaidi. La kwanza ni kuiweka orodha ya `jumla` nje ya kitanzi cha `juu`, hivyo isianze na sufuri kingo ya juu inapohama. Msimbo hauvunjiki wala haulalamiki. Unaendelea tu kurundika mistari ile ile. Katika mfano wetu, kosa hilo linatoa 47 badala ya 17. Ipo njia ya haraka ya kulikamata bila kujua jibu sahihi: jumlisha namba zote chanya za matriksi. Hapa zinatoa 28, na hakuna mstatili unaoweza kuzidi hapo. Jibu likizidi kiwango hicho, kuna kitu kimehesabiwa mara mbili. Likiwa chini yake, bado halijathibitishwa, na hapo kipimo bora zaidi ni kuzichukua pembe zilizorudishwa na kujumlisha upya visanduku vyake katika matriksi ya asili. Jumla hiyo isipolingana na jibu, usiendelee mbele.

La pili ni kuanza na `bora` ikiwa sifuri. Matriksi yenye namba hasi tupu itarudisha sifuri, ambayo si jumla ya mstatili wowote uliomo. Hili si kosa kwa kila hali, kwani mstatili mtupu ukikubaliwa, sifuri ni jibu halali. Lakini uamuzi huo ufanywe na mtu, usifanywe na thamani ya kuanzia iliyoandikwa kwa mazoea. Msimbo wa hapo juu unaanza na kisanduku cha kwanza, kwa hiyo matriksi ya namba hasi tupu inarudisha namba iliyo karibu zaidi na sifuri.

La tatu linazihusu njia zote mbili katika lugha zenye namba za ukubwa maalumu. Namba ya biti 32 yenye alama huishia 2,147,483,647. Matriksi ya 500 kwa 500 ina visanduku 250,000, na kila kimoja kikibeba 10,000 tu, jumla inafika bilioni 2.5 na kufurika hadi kwenye hasi. Kwa pembe nne hatari iko karibu zaidi, maana jedwali hulimbikiza kuanzia kona ya kwanza hata pale ambapo mstatili unaoulizwa ni mdogo. Tumia biti 64 katika njia zote mbili.

Kuna pia suala la jumla zinazolingana. Katika mfano wetu, mistari 0 hadi 2 ikibanwa inatoa 0, 5, -2, 6, -7, na 9 inapatikana ama kuanzia safu 0 au safu 1. Msimbo wetu unatupa jumla iliyobebwa ikiwa tu ni hasi, hivyo sifuri inabaki na mstatili unaanzia safu 0; ukiandika `sasa <= 0`, utaanzia safu 1. Anayetafuta eneo dogo kabisa lenye jumla kubwa hawezi kutegemea alama hiyo pekee, bali anapaswa kulinganisha na eneo lenyewe kila jumla zinapolingana. Kwa pembe nne ulinganisho huo ni rahisi na kamili, kwa sababu kila mstatili unapita mbele yake.

Pale pembe nne inaposhinda

Ukubwa wa mstatili ukiwa umewekwa tayari, mathalani mistari 3 kwa safu 4 bila kuzidi wala kupungua, usibane kitu. Jedwali la pembe nne linajibu kwa kupita kila kona mara moja. Vivyo hivyo kazi ikiwa ni kujibu maswali mengi ya jumla za mistatili anayoichagua mtumiaji mwenyewe: hapo hakuna kinachotafutwa, kwa hiyo Kadane hana kazi ya kufanya.

Lakini sharti likiongezwa juu ya utafutaji, ni vyema kujua ni nusu ipi ya njia ya kubana inayoguswa. Njia hii ni vitu viwili vilivyounganishwa, ubanaji wa mistari na utafutaji ndani ya mstari mmoja, na kimoja kinaweza kubadilishwa bila kingine. Sharti likiwa jumla isizidi kiwango fulani, mbinu ya Kadane inaanguka, kwa sababu inatupa mianzo ambayo pengine ndiyo ingetoa jumla iliyo chini ya kiwango. Ubanaji, hata hivyo, unabaki vilevile. Ndani yake unaweka jumla limbikizi za mstari uliobanwa katika mpangilio wa ukubwa, na kwa kila safu unatafuta kwa mgawanyo wa nusu jumla ya nyuma inayofaa zaidi. Sharti likiwa upana usipungue safu kadhaa, inatosha kukumbuka jumla limbikizi ndogo kuliko zote miongoni mwa zile zilizo nyuma kwa umbali huo.

Anayetarajia njia ya haraka zaidi ya hii asisubiri sana. Hisao Tamaki na Takeshi Tokuyama walipunguza muda kidogo chini ya ujazo, yaani urefu wa upande wa matriksi kwa kipeo cha tatu, mwaka 1998, kwa mbinu ambazo sijaona sababu ya kuzitumia katika programu ya kawaida. Mwaka 2016 Arturs Backurs, Nishanth Dikkala na Christos Tzamos walionyesha kwamba njia inayoushinda ujazo kwa kiwango kikubwa ingeleta pia njia ya namna hiyo kwa swali la umbali mfupi kati ya jozi zote za vituo katika mtandao, jambo ambalo limewashinda watafiti kwa miongo mingi.

Mimi huziweka njia zote mbili katika faili moja. Ile ya kubana ndiyo inayofanya kazi, na ile ya pembe nne ndiyo shahidi: natengeneza matriksi ndogo za namba za kubahatisha, za mistari 1 hadi 6 na safu 1 hadi 6, zenye thamani kati ya -9 na 9, na kuzilinganisha jumla mara elfu kadhaa. Matriksi za mstari mmoja, za safu moja na zenye namba hasi tupu nazilazimisha ziwemo, kwani ndizo ambamo makosa niliyoyataja hujitokeza kwanza.